Usibadilishe neno la siri kwanza

Wadau, tovuti ikimkatalia mtu kuingia, mafundi wetu wana jibu moja tu: badilisha neno la siri. Mimi sikubaliani nao. Kama neno lile lile linakuingiza kwa Firefox na Chrome inagoma, neno halina kosa.

Fungua dirisha fiche la Chrome ujaribu humo. Linaanza bila akiba ya zamani, na viendelezi vimezimwa isipokuwa ulivyoviruhusu mwenyewe. Ukifanikiwa, rudi dirisha la kawaida ubonyeze Ctrl+Shift+R ili ukurasa na skripti zake zivutwe upya. Ikikubali, tatizo lilikuwa skripti kuukuu. Ikigoma, zima viendelezi kimoja kimoja, ukianza na cha kuzuia matangazo (mshukiwa wangu wa kwanza siku zote). Bado? Futa vidakuzi vya tovuti hiyo.

Lakini skripti kuukuu si kosa la mtumiaji hata kidogo! Fundi ameiambia Chrome itunze app.js mwaka mzima, yaani max-age=31536000, kisha anaibadilisha kwa jina lile lile. Kivinjari kitajuaje? Alipaswa kuipa faili jina jipya kila anapoibadilisha, si kututuma sisi tufute akiba.