Mdogo wangu, Mwezi wako uko kwenye maji

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniuliza kama una kasoro, maana neno alilokutupia wifi yako kabla ya Pasaka bado linakuliza. Wanajimu wangetazama Mwezi wako. Utabiri wa magazetini hufuata Jua, linalokaa siku thelathini hivi kwenye nyota moja. Mwezi huhama kila baada ya siku mbili na nusu hivi, nao ndio husomwa kwa mambo ya moyo.

Wako ni rahisi kuupata. Mama husema ulizaliwa nyumbani Mgeta mwanzoni mwa Januari, usiku wa mwezi mpevu. Siku hizo Jua liko kwenye Mbuzi, na mwezi mpevu hukaa mkabala na Jua. Mkabala na Mbuzi ni Kaa, nyota ya maji kama Nge na Samaki, tena ndiyo nyumba ya Mwezi wenyewe.

Kaa, wanasema, hasahau. Ukimgusa hujificha ndani ya gamba. Ndivyo ulivyo: unanyamaza siku tatu, kisha unalia wenzako wakiwa wameshasahau. Lakini ni wewe uliyejua mwanangu anaumwa kabla hajasema!

Sayansi haijathibitisha haya, nami sikulazimishi kuyaamini. Ila usiseme, "Ndivyo nilivyozaliwa," ukamnunia wifi mpaka Krismasi. Mwambie wiki hii, mkiwa mnamenya njegere, kwamba lile neno lilikuuma.

Dada yako