Goma: Ufa ulionyooka kwenye plafoni si kosa la volkano

Tangu Nyiragongo ilipotapika moto tarehe 22 Mei 2021, na ardhi ya Goma kuendelea kutikisika kwa siku nyingi baada ya hapo, imekuwa rahisi kuisingizia volkano kila ufa unaoonekana ndani ya nyumba. Ukuta ukipasuka, ni volkano. Plafoni ya jipsamu ikichora mstari juu ya kitanda cha watoto, ni volkano tena. Mwenye nyumba analalamika, fundi anamjibu: "Mama, hii ardhi yetu unaijua." Mazungumzo yanaishia hapo, na mama analipa mara ya pili ili ufa uzibwe na kupakwa rangi. Miezi michache baadaye mstari unarudi palepale.

Jibu hilo la fundi halipaswi kukubaliwa haraka. Plafoni yenyewe inasema nani mwenye kosa, kwa mtu anayejua kuisoma. Ufa wa mtikisiko kwa kawaida unaonekana pale plafoni inapokutana na ukuta, au unatoka kwenye pembe na kwenda mshazari. Lakini ufa ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, wenye mwingine sambamba nao metre 1,20 pembeni, haukuchorwa na volkano. Hiyo 1,20 ni upana wa bodi ya jipsamu. Ufa umefuata kiungo cha bodi mbili, na kiungo hicho kilikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza. Tetemeko limesukuma tu mlango ambao haukufungwa.

Jambo hili si la urembo peke yake. Bodi moja ya metre 1,20 kwa 2,40, yenye unene wa milimetre 12,5, ina uzito wa karibu kilo 25. Chumba kimoja cha kawaida kinabeba karibu kilo 150 juu ya vichwa vya wanaolala. Familia inapaswa kujua uzito huo umeshikwa na nini.

Umeshikwa na kiunzi, yaani zile mbao au vyuma vyepesi ambavyo bodi zinafungiwa chini yake. Ndipo makosa mengi yanapoanzia, na hakuna anayeyaona kwa sababu yanafunikwa siku hiyohiyo. Wengi wanatumia mbao za mikaratusi, na hilo si baya. Ubaya uko kwenye mbao mbichi. Mkaratusi uliopasuliwa juzi una maji mengi ndani. Ukikauka juu ya plafoni unasinyaa na kujipinda, na bodi ya jipsamu, ambayo haijui kupinda, inavutwa upande huu na huu. Kama imepigwa misumari, mbao inaposinyaa kichwa cha msumari kinabaki kimetokeza chini. Vile vidoa vya mviringo vinavyovimba chini ya rangi, vikiwa vimepangana kwa mstari, ni ushahidi wa mbao mbichi na misumari. Visi vinashika vizuri zaidi, na mbao iliyokaushwa kivulini kwa majuma mengi, ikiwa imepangwa na nafasi kati ya moja na nyingine ili hewa ipite, inaondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Vyuma vyepesi havisinyai, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Lakini navyo vinaharibiwa kwa haraka. Chuma kinachobeba bodi kinapaswa kuning'inizwa kwenye paa kila baada ya metre 1,20 au chini ya hapo. Ncha zake zinakalia chuma cha pembeni kilichofungwa ukutani, na milimetre chache zinaachwa ili kisisukumane na ukuta. Fundi anayepunguza vining'inizo ili kubana bei anaacha chuma kilegee katikati, na baada ya muda plafoni inashuka tumbo.

Chukua chumba cha metre 3,60 kwa 4,80. Mbao za kiunzi zinapita upande mfupi, kila sentimetre 40, na jumla ni mbao 13. Bodi zinalala upande mrefu, zikikatiza mbao hizo, katika safu tatu. Safu ya kwanza ni bodi mbili nzima. Safu ya katikati inaanza na nusu bodi, inafuata nzima, halafu nusu nyingine. Safu ya tatu inarudi kama ya kwanza. Zote ni bodi sita, karibu bila mabaki, kwa sababu 2,40 na 1,20 zote zinagawanyika kwa 40, na kila ncha inaangukia katikati ya mbao. Kuhamisha viungo katika safu ya katikati kunazuia ufa mmoja usipate njia ya kukimbia kutoka ukuta hadi ukuta. Pale ncha mbili zinapokutana, mbao iwe na upana wa sentimetre 5, ili kila bodi ipate mahali pa kushikwa.

Visi vya milimetre 35 vinatosha kwa mbao, na vya milimetre 25 kwa vyuma. Vinafungwa kila sentimetre 20, navyo vinafika karibu 300 kwa chumba hiki. Kichwa cha visi kinazama kidogo tu, bila kupasua karatasi ya bodi. Nguvu ya jipsamu iko katika karatasi hiyo: visi vilivyoitoboa vimeshika unga mtupu. Katika kona za chumba na karibu na ncha, mwenye nyumba anaweza kupanda ngazi na kuhesabu mwenyewe.

Halafu ndipo vinakuja viungo, na hapa ndipo Goma inapoteza pesa nyingi. Katika chumba kilekile kuna metre 9,60 za viungo virefu na metre 4,80 za viungo vya ncha. Fundi mwenye haraka anakoroga plasta ya kawaida, anaziba nafasi, anasugua, anapaka rangi, na plafoni inang'aa. Plasta hiyo peke yake haina kitu cha kuishika bodi moja na nyingine. Mbao ikisogea kidogo tu, kiungo kinafunguka. Kinachobeba mvuto huo ni utepe wa karatasi. Plasta au mastiki inashikilia tu utepe mahali pake.

Kazi inakwenda hivi. Kingo ndefu za bodi zimepunguzwa unene kiwandani, hivyo bodi mbili zikikutana kunakuwa na bonde dogo. Bonde hilo linajazwa mastiki ya viungo. Utepe unalazwa juu yake ukiwa mbichi, na kisu kipana kinaukandamiza mpaka mapovu yatoke chini yake. Unaachwa ukauke kabisa. Mkono wa pili unapakwa kwa upana wa sentimetre 20, nao unakauka. Mkono wa tatu unafika sentimetre 30, mwembamba sana pembeni, na baada yake msasa laini unatosha. Viungo vya ncha havina bonde, kwa hiyo vinahitaji kutandazwa zaidi, mpaka sentimetre 40 au 50, ili jicho lisione mgongo. Mastiki iliyoanza kuganda ndani ya ndoo haifufuliwi kwa kuongeza maji: itapakika, lakini haitashika.

Neno gumu hapo ni "kukauka". Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, kando ya ziwa, na katika msimu wa mvua hewa yake ni baridi na nyevu. Mkono mmoja wa mastiki inayokauka kwa hewa unaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Mikono mitatu katika siku moja haiwezekani kwa mastiki ya namna hiyo, hata fundi awe hodari namna gani. Mwenye nyumba anayesema "Jumamosi nahamia" ndiye anayenunua ufa wake mwenyewe. Lawama si ya fundi peke yake. Wateja wengi wanapigania bei mpaka utepe na mkono wa tatu vinaondoka kwenye hesabu, kisha wanashangaa.

Kuna pia adui wa juu. Jipsamu haipendi maji, na Goma mabati yana taabu zake: moshi wa volkano unafanya mvua kuwa na tindikali, na tindikali inakula mabati, hasa kuzunguka matundu ya misumari. Tena usiku wa baridi, mvuke wa ndani ya nyumba unapanda, unagusa bati na kudondoka kama mvua ndogo. Duara la rangi ya chai kwenye plafoni lina maana kwamba maji yanaingia. Kulipaka rangi ni kulificha tu. Paa linapaswa kukaguliwa mvua ikinyesha, kabla bodi ya kwanza haijapanda, na hewa iachiwe njia ya kupita kati ya bati na plafoni.

Je, mtikisiko wa ardhi hauna lawama yoyote? Unayo. Nyumba ya Goma itatikisika tena, na hakuna plafoni inayoweza kuahidi kwamba haitapata mwanya hata mmoja. Lakini ndiyo sababu bodi hazipaswi kubanwa kwenye ukuta. Nafasi ya milimetre 5 inaachwa kuzunguka chumba chote, na korniche inayoifunika inashikizwa upande mmoja tu, ama ukutani ama kwenye plafoni. Ukuta ukienda kulia na paa kushoto, kila kimoja kinacheza peke yake. Anayejua kwamba ardhi inatikisika anajenga kwa hesabu hiyo, hawezi baadaye kuitumia kama kisingizio.

Kinachoweza kubadilika mara moja ni namna ya kulipa. Leo watu wengi wanakagua plafoni siku ya rangi, wakati rangi imekwisha kufunika yote. Malipo yangegawanywa sehemu tatu. Ya kwanza itolewe kiunzi kikiwa wazi, baada ya kupima nafasi kati ya mbao na kupiga picha kwa simu. Ya pili itolewe viungo vikiwa vimekauka kabla ya rangi, baada ya kuweka tochi usiku karibu na plafoni, mwanga ukienda pembeni: kila mgongo na kila bonde litatoa kivuli. Ya mwisho ndiyo ya rangi.

Fundi mzuri hataogopa mpango huo, kwa sababu utamlipa kwa kazi ambayo hadi sasa hakuna aliyeiona. Na siku atakaposema ni volkano, picha za kiunzi zitakuwa ndani ya simu, na utepe utakuwa uko au hauko.