Kupimwa Joto Mlangoni Ilikuwa Maigizo

Wasee, mnakumbuka 2020, kuelekezewa thamometa usoni kila mlango wa supamaketi? Nasema wazi: ilikuwa maigizo. SARS ya 2003 na Korona ya kwanza zilikaribiana: bila kinga, mgonjwa mmoja aliambukiza kama watu 2 au 3. Tofauti iko kwa siku.

Ukishaambukizwa Korona hiyo, dalili zilikuja baada ya siku kama 5. Lakini kutoka dalili za aliyekuambukiza hadi zako, wastani ulikuwa kama 4. Piga hesabu: alikupea virusi siku moja kabla hajapata homa! Thamometa ingemshika aje?

Kwa SARS pengo hilo lilikuwa kama siku 8, kwa hivyo kutenga wagonjwa mapema kulisaidia kuizima. Korona ilidai barakoa kwa wote, hata wazima. Mlipuko mwingine ukija, tuulize siku kabla ya kununua mashine.