Mlinzi wa ghala na karatasi ya maabara

Kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kuingia kwenye maghala, usingizi huwa adimu Nachingwea na Ruangwa. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganishwa kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuza korosho za wakulima kwa mnada. Nyuma ya kila mnada kuna watu waliokesha: walinzi wa maghala, makuli wanaopakia malori, madereva. Ukiacha msimu huo, bado kuna wauguzi wa zamu ya usiku, vijana wa bodaboda, na wakulima wanaolala nusu jicho juu ya madungu wakilinda mahindi yasiliwe na tembo.

Watu hawa wakipima mafuta ya damu na majibu yakawa mabaya, maelezo huwa yapo tayari vinywani. Mengi ninayoyasikia si sahihi, na nataka kuyajibu.

“Mafuta ya damu ni ya wanene na wala chipsi. Mimi nala ugali na mlenda, nitayapata wapi?”

Utayapata kwenye ini lako mwenyewe. Karatasi ya kipimo hiki huwa na mistari minne: lehemu yote, LDL, HDL na trigliseridi. Watu huisoma kama habari moja, kumbe ni habari tofauti. LDL ndiyo inayobeba lehemu na kuiacha kwenye kuta za mishipa. HDL huirudisha lehemu kwenye ini. Trigliseridi ni mafuta ya kuchoma, akiba ya nishati, na sehemu kubwa ya zile zinazokutwa kwenye damu ya mtu aliyefunga hazikutoka moja kwa moja kwenye kikaango. Zimefungashwa na ini.

Mtu asiyelala huliongezea ini kazi ya kufungasha. Homoni za kuhimili shida, kotisoli na adrenalini, ambazo zingetulia usiku, hubaki juu. Huifungua akiba ya mafuta mwilini na kumwaga asidi za mafuta kwenye damu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana wa kiume wenye afya, wakawalaza saa nne na nusu tu kwa usiku nne mfululizo. Asidi hizo za mafuta zilibaki juu usiku wa manane na alfajiri, kuliko pale vijana walewale walipolala saa nane na nusu. Zikifika kwenye ini, hugeuzwa kuwa trigliseridi na kurudishwa kwenye damu.

Hapo HDL nayo huumia. Trigliseridi zikijaa kwenye damu, sehemu yake huhamia ndani ya HDL, nayo HDL hutoa lehemu badala yake. HDL iliyobadilika hivyo husafishwa na mwili upesi, idadi yake ikapungua. Kwa sababu hiyo, kwa mkeshaji trigliseridi hupanda na HDL hushuka kwa pamoja. Mwaka 2001 watafiti wa Sweden walichapisha takwimu za watu 27,485, na wafanyakazi wa zamu walikutwa na jozi hiyohiyo mara nyingi zaidi kuliko wafanyakazi wa mchana.

Na chakula cha mkesha huchangia, ingawa si lazima kiwe cha mafuta. Saa nane usiku mlinzi hunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, hula mandazi mawili, hufungua soda ili asisinzie. Usiku mwili huitikia insulini kwa uvivu, kwa hiyo sukari ileile ambayo mchana ingetumika vizuri hukaa zaidi kwenye damu, na ini huigeuza inayozidi kuwa mafuta. Mtu anaweza kuwa mwembamba, asiyejua ladha ya chipsi, na trigliseridi zake zikawa juu.

“Nalala mchana, nimeshafidia.”

Umefidia sehemu tu. Usingizi wa mchana chini ya bati la Novemba, na watoto wakicheza uani, huwa mfupi na wa vipande. Lakini hata ukipata chumba kizuri, ini lina saa yake. Hujiandaa kupokea chakula mchana na kupumzika usiku, na saa hiyo inafuata mwanga wa jua na muda wa kula. Mlinzi anayelala mchana siku sita, kisha siku ya saba anaamka mapema kwenda msibani au sokoni, huirudisha saa hiyo nyuma na mbele bila kuipa nafasi ya kutulia.

“Mawazo hayapimwi kwenye damu.”

Yameshapimwa. Mwaka 1958 madaktari wawili wa moyo wa Marekani, Friedman na Rosenman, pamoja na mwenzao, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wahasibu 40 kwa miezi kadhaa. Wahasibu hao walikuwa na msimu wao, kama wetu wa korosho: tarehe ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi katikati ya Aprili. Tarehe ilipokaribia, lehemu ilipanda. Kazi ilipopungua mwezi Mei na Juni, ikashuka, na mabadiliko ya chakula hayakutosha kueleza kilichotokea.

Mkulima wa Ruangwa haulizi maana ya habari hii. Anakumbuka Novemba 2018, minada ilipokwama, serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuikusanya. Mzigo uliondoka, kisha ikaja miezi ya kusubiri malipo huku ada za shule zikidaiwa. Mawazo ya aina hiyo hukaa na mtu kuanzia kulala hadi kuamka, na kotisoli hukaa nayo.

Ninaweka mpaka mmoja hapa. Hofu ya ghafla, hata ile ya sindano, hupunguza maji ya damu kwa muda, hivyo kila kilichomo huonekana kingi. Kusimama muda mrefu kwenye foleni hufanya vivyo hivyo. Kaa kwenye benchi kama dakika kumi kabla ya kutolewa damu.

“Kipimo ni kipimo, hata nikipita hospitali nikitoka zamu.”

Dai hili ndilo linalopoteza watu wengi zaidi, na namna nzuri ya kulijibu ni kulipitia kwa tarakimu. Tumfikirie mlinzi wa ghala wa miaka 46, Nachingwea, mwenye mwezi mzima wa zamu za usiku. Anatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili yupo maabara. Anaulizwa kama amekula, anajibu hapana, maana asubuhi hajatia kitu mdomoni. Lakini saa tisa usiku alikunywa chai na kula mandazi. Kwake hiyo ni jana. Kwa ini lake ni saa tano tu zilizopita, na kufunga kwa kipimo hiki ni saa nane hadi kumi na mbili.

Majibu, kwa mmol/L: lehemu yote 5.6, HDL 0.9, trigliseridi 2.9. LDL mara nyingi haipimwi moja kwa moja, huhesabiwa hivi:

```
LDL = lehemu yote − HDL − (trigliseridi ÷ 2.2)
LDL = 5.6 − 0.9 − 1.3 = 3.4
```

Trigliseridi za mtu aliyefunga zinatakiwa ziwe chini ya 1.7, na HDL ya mwanamume izidi 1.0. Je, mlinzi huyu ni mgonjwa, au ni mandazi ya saa tisa? Chakula cha kawaida huongeza trigliseridi kwa wastani wa 0.3 hivi, kwa hiyo mandazi peke yake si rahisi yaeleze 2.9. Kuna swali jingine ambalo huku kwetu lazima liulizwe: uraka. Msimu wa korosho ndio msimu wa mabibo, na mabibo huwa pombe. Pombe hupandisha trigliseridi kwa nguvu, na mlinzi aliyekunywa uraka jana mchana ili apate usingizi amechanganya mambo mawili kwenye sindano moja.

Sasa tuseme anarudi baada ya wiki tatu za kulala usiku. Hajagusa uraka siku kadhaa, amekula mara ya mwisho saa mbili usiku, anapimwa saa mbili asubuhi. Lehemu yote 5.4, HDL 1.0, trigliseridi 1.8.

```
LDL = 5.4 − 1.0 − 0.8 = 3.6
```

Trigliseridi zimeshuka sana. Hatuwezi kugawa sifa kwa haki kati ya usingizi, uraka na mandazi, na anayedai kwamba anaweza anakisia. LDL haikushuka hata kidogo. Ile tofauti ya 0.2 haina uzito, ni mchezo wa hesabu na wa siku kwa siku. Hesabu hiyo, kwa taarifa yako, haifai kabisa trigliseridi zikizidi 4.5. Hapo kipimo kirudiwe baada ya kufunga kweli. Na kama karatasi yako imeandikwa mg/dL, gawanya lehemu kwa 38.7 na trigliseridi kwa 88.6 kabla ya kujilinganisha na mwenzako.

“Basi ni kazi tu. Msimu ukiisha nitakuwa sawa.”

Aliyeelewa yote ya juu anaweza kuteleza hapa. Kukesha na mawazo huonekana zaidi kwenye trigliseridi na HDL. Kwa LDL ushahidi ni dhaifu na athari, inapoonekana, ni ndogo. Mlinzi wetu akifurahia 1.8 yake na kuitupa karatasi, ameiacha 3.6 ya LDL bila kujibiwa, nayo haijui kama korosho zimekwisha ghalani. Daktari ataitazama pamoja na shinikizo la damu, sukari, sigara na umri, ndipo aamue kama panahitajika dawa.

Na LDL ikifika 4.9 au zaidi, usikubali kuambiwa, wala usijiambie, kwamba ni zamu za usiku. Kiwango hicho humfanya daktari aulize kuhusu ndugu waliopata maradhi ya moyo wakiwa vijana, na apime tezi ya shingo, kwa sababu tezi iliyolala hupandisha LDL.

Ndugu unayelinda ghala, unayeuguza wagonjwa usiku au unayelala dunguni: siku ya kupima, mwambie mhudumu ulitoka zamu saa ngapi, ulikula nini mara ya mwisho na saa ngapi, na kama ulikunywa uraka. Kama hujafunga saa nane, omba upangiwe siku baada ya usiku wako wa mapumziko. Kisha omba usomewe mistari yote minne.