Umenona: sifa kwa mmoja, tusi kwa mwingine

Wafanyabiashara wa mpakani huhesabu hasara za magunia yaliyooza, ushuru uliopanda na fedha iliyoshuka thamani. Ipo hasara nyingine isiyoandikwa daftarini: ya mteja aliyehama kwa sababu ya neno moja la kumsifu.

Chukua mfano wa muuza vitunguu wa Karatu na mnunuzi wake kutoka Nairobi, wanaokutana Namanga baada ya miezi kadhaa. Muuzaji anafurahi kumwona na kumwambia kwa sauti, mbele ya wapagazi, "Aisee mama, umenenepa kweli! Biashara imekukubali." Nia yake ni njema kabisa. Kwake, mwili uliojaa ni ushahidi kwamba mtu anakula, analala na hadaiwi. Mnunuzi naye amemaliza miezi hiyo akijinyima ugali wa usiku ili apungue, kwa ushauri wa daktari. Anachosikia ni kwamba jitihada zake zimepotea, tena ametangaziwa hadharani. Anacheka kidogo, anatazama pembeni na kuuliza bei. Safari ile ananunua kwa fedha taslimu, na mazungumzo ya mali kauli yaliyokuwa yaanze yanakufa hapo hapo.

Asiyejua chimbuko la sifa hii humwona msemaji kuwa hana adabu. Chimbuko lipo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa Kagera, mkoa unaopakana na Uganda. Huko waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikipita mpakani mikononi mwa wachuuzi. Upande wa Uganda uliitwa silimu, yaani wembamba. Kwa miaka mingi aliyekonda alinong'onezwa, na mchuuzi wa mpakani alinong'onezwa zaidi ya wengine. Kumwambia mtu amenenepa kulikuwa kumwondolea shaka mbele ya watu. Hata kabla ya hapo, Waganda walikuwa na "ogezze", umeongezeka mwili, kama salamu ya furaha, na wazee wengi bado wanaitumia hivyo.

Mambo yamebadilika. Dawa zimerefusha maisha, na sasa hofu ya wengi mijini ni kisukari na shinikizo la damu. Neno ni lile lile, ila limehama upande wa mizani.

Kiswahili chenyewe nacho kinatega. Mkenya husema "umenona" kwa utani mwepesi. Mtanzania hunonesha mbuzi na ng'ombe, binadamu hunenepa. Akiambiwa amenona, anajiona yuko mnadani akisubiri kupapaswa mgongo. Bibi ni mtego mkubwa zaidi. Mkenya akimwambia mwenzake wa Arusha, "Bibi yako amependeza leo," anamsifu mke aliyesimama pale dukani. Mke huyo anasikia ameitwa nyanya ya mumewe, kwa kuwa Tanzania bibi ni mzazi wa mzazi. Tena nyanya yenyewe, ambayo Mkenya humwita mama wa mama yake, Mtanzania anaijua kwa tenga.

Shikamoo nayo hupima umri. Kwa Mtanzania ni heshima ya lazima kwa aliyemzidi. Mwanamke wa Nairobi mwenye miaka 38, ambaye nyumbani hasalimiwi hivyo, anaweza kujiuliza ameonekana mzee kiasi gani.

Wapo wanaosema mgeni ndiye azoee desturi za wenyeji. Lakini mpakani nani mwenyeji? Leo mmoja anauza, kesho ananunua upande wa pili. Kanuni inayofaa ni nyepesi: anayetaka kuuza asiuguse mwili wa mteja kwa ulimi mpaka mteja mwenyewe auguse. "Umependeza" inatosha, na inavuka Namanga, Busia na Mutukula bila kupekuliwa. Anayetaka kusema zaidi aulizie watoto, safari, au mzigo uliopita kama uliuzika. Na kabla ya kusema bibi, aseme mke, neno linaloeleweka pande zote.

Dalili za neno lililoumiza zinaonekana: jibu fupi, kicheko kisichofika machoni, na haraka ya kurudi kwenye bei. Hapo kusema "nilikuwa natania" huongeza chumvi kwenye kidonda. Afadhali kusema, "Samahani, kwetu hiyo ni sifa," kisha kupima mzigo.

Msikilizaji naye ana wajibu. Kabla ya kununa, akumbuke kwamba aliyemwambia amenenepa huenda alimaanisha jambo moja tu: amefurahi kumkuta mzima.