NASAHA ZA JAMII: Uvimbe wa Mtoto na Chakula cha Mgonjwa wa Figo

 

Mama mmoja wa kwetu pwani, aliyefuatana na mumewe katika biashara hadi Ikonge, kaunti ya Nyamira, ametuletea swali. Mwanawe wa miaka sita aliamka macho yamevimba, na jioni miguu ikawa imejaa. Majirani wakamwambia ni kwashakoo, ampe protini kwa wingi. Basi akampa mayai manne na nusu lita ya maziwa kila siku, na supu ya mifupa yenye chumvi. Uvimbe ukazidi. Hospitalini mkojo ulipimwa, ukaonekana umejaa protini: figo zinavuja, ugonjwa ambao madaktari huuita nefrotiki. Anauliza: amlishe nini?

Ndugu zetu, maradhi haya mawili yanafanana kwa sura, lakini asili yake ni mbali. Mwenye kwashakoo amepungukiwa na lishe. Mwenye nefrotiki huenda anakula vyema, ila figo zake zinaitoa albumini, protini inayoyazuia maji yasitoke katika mishipa ya damu. Ikipungua, maji huingia mwilini, na figo nazo huishika chumvi. Dalili ya nyumbani ni mkojo wenye povu lisilokatika upesi. Yakini huletwa na kijiti cha kupimia mkojo.

Hesabu ya chakula huanza na uzito, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtoto huyu sasa ana kilo 24, lakini kitabu chake cha kliniki kabla ya uvimbe kinaonyesha kilo 20. Kilo nne zilizozidi ni maji, si nyama. Chakula chake hupimwa kwa zile 20. Tena uvimbe huweza kuuficha ukondefu. Kwa hiyo maji yakishuka, atazamwe mikono na mapaja yake upya.

Mtoto wa umri huu huhitaji takriban gramu moja ya protini kwa kila kilo, au kuzidi kidogo kama daktari ataona haja. Mayai manne yana gramu 24 na nusu lita ya maziwa ina 16. Jumla 40, kabla ya kuhesabu ugali na maharagwe. Ziada hiyo haiijazi albumini. Nyingi hupita kwenye figo na kutoka nayo, na kuzitwisha figo mzigo. Lakini kumnyima kabisa nako ni kumkondesha. Yatosha nusu kikombe cha maziwa katika uji wa wimbi asubuhi, nusu kikombe cha maharagwe na ugali mchana, na jioni yai moja au kipande kidogo cha nyama pamoja na managu au chinsaga. Protini ya nafaka ikiongezwa, siku hufikia gramu 25 hadi 30.

Jambo linalouongeza uvimbe zaidi ni chumvi. Mtu mzima hashauriwi kuzidisha kijiko kimoja cha chai kwa siku, na mtoto huyu asifike nusu yake. Chumvi isiwekwe mezani, na sufuria yake ipikwe kwa ndimu, kitunguu, dania na tangawizi. Tahadhari na zile chumvi zilizojificha: ng'onda, viungo vya mchuzi vya pakiti, mkate, na magadi yanayolainisha maharagwe na mboga. Magadi si chumvi ya mezani, lakini yana sodiamu ile ile. Maji ya kunywa yasipunguzwe ila kwa amri ya daktari.

Ama mafuta: ini likiona albumini imepungua hufanya kazi kwa bidii, na pamoja na protini hutoa mafuta mengi katika damu. Ndiyo maana kolesteroli yake iko juu ingawa hakula mafuta mengi. Aepushwe samli, mafuta ya kuganda na vya kukaangwa, lakini ajue mama kwamba yatashuka hasa figo zitakapotulia kwa dawa. Dawa hiyo, prednisoloni, huleta njaa kali. Ampe matunda na ndizi za kuchemsha, si kaukau. Wala asiikatishe ghafla.

Kila asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya kula, apimwe uzito na mkojo, na yaandikwe. Asubuhi tatu mfululizo bila protini ni dalili kwamba maradhi yametulia. Alama tatu za protini kwa siku tatu ni dalili kwamba yamerudi. Homa, maumivu ya tumbo au mkojo kupungua sana ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa maambukizi humdhuru upesi mwenye maradhi haya.

Mwenyezi Mungu amponye mtoto huyu na wagonjwa wote. Wabillahi tawfiq.