Picha Ilipotea, Lakini Shida Ilikuwa h7

Wasee, juzi niliwaambia hapa kwamba nilikuwa na chekimeti ya hatua moja na nikaiacha. Mkanicheka vizuri. Leo naondoa hiyo kauli. Kosa halikuwa la kucheza, lilikuwa la kuandika.

Ilikuwa Jumamosi, mimi na jamaa wa mtaani, anayeshindwa analipa chapo madondo. Mimi nilikuwa na vyeupe. Tukabaki na vipande vichache, zamu yangu. Nikapiga ubao picha, nikamsogeza askari wa h2 hadi h3, na baadaye mchezo ukaisha sare. Jioni simu ikazima, haikuwaka tena. Picha ikaenda nayo.

Lakini swali lilikuwa linanisumbua: je, ningepeleka ngome yangu e8? Nikaazima simu ya dadangu, nikamwandikia binamu yangu, yeye ndiye mkali wa chesi kwetu:

Vyeupe: mfalme g1, ngome e5, askari f2, g2, h2.
Vyeusi: mfalme g8, ngome c3, askari f7, g7, h7.
Zamu yangu.

Jibu likaja chap: "Buda, ngome e8 ni chekimeti. Uliiachaje hiyo?"

Na kwa nilichoandika, alikuwa sawa kabisa. Ngome ikifika e8, mfalme mweusi hawezi kwenda f8 kwa sababu ngome inapaona. Mbele yake askari wake watatu wamemfungia mlango. Ngome yake ya c3 haiwezi kufika f8 kuziba kwa hatua moja, wala kuila yangu. Imeisha.

Iliniuma. Tangu niache kampasi, nyumbani wimbo ni mmoja: huyu hamalizi kitu. Mamangu aliposikia akasema tu, "Hata mchezo, mwanangu?"

Siku chache baadaye nikakaa chini, nikauliza kila kipande: wewe ulifikaje hapa? Nilipofika kwa yule askari wa h, nikakumbuka. Mapema kwenye mchezo askofu wangu alikuwa amekaa g5, na jamaa akasukuma askari huyo hadi h6 ili amfukuze. Na askari harudi nyuma. Nikamuuliza jamaa, akacheka: "Ndiyo, alikuwa h6. Si nilikutoa hapo mbio?"

Mraba mmoja tu. Askari akiwa h6, h7 iko wazi. Nikipeleka ngome e8, mfalme anaingia h7 na cheki imeisha. Bado ningelazimika kumfungulia mfalme wangu mlango, yaani ile h3 niliyocheza. Binamu akaangalia upya, akasema mchezo ulikuwa sawa kwa sawa.

Sasa, maoni yangu ni haya: hata ukiwa na picha, andika. Picha haijui zamu ni ya nani, na hapa zamu ndiyo kila kitu. Vipande vikiwa vilevile lakini iwe zamu ya vyeusi, ngome ya c3 inashuka c1, cheki. Mfalme wangu hana pa kukimbilia. Naweza tu kuziba kwa kurudisha ngome e1, inaliwa, na hiyo ni chekimeti juu yangu. Picha moja, majibu mawili.

Unapoandika, anza kwa kuhakikisha a1 ni ule mraba mweusi wa kona, mkono wa kushoto wa mwenye vyeupe. Ukianza kona isiyo yake, kila kitu kinageuka. Andika wafalme, kisha vipande vikubwa, kisha askari kutoka a hadi h. Taja zamu. Kama mfalme na ngome hawajawahi kusogea, sema pia, kwa sababu ile ruhusa ya mfalme kuruka kando na ngome kukaa upande wake wa pili haionekani kwa kutazama ubao.

Halafu hesabu vipande. Lakini usiamini hesabu peke yake. Mimi nilikuwa na 5 kwa 5 kwenye orodha mbaya na kwenye orodha nzuri. Hesabu inakuonyesha kipande ulichosahau, haikuonyeshi kipande ulichoweka pabaya. Hicho unakipata kwa kuuliza kilifikaje pale.

Na ukikwama, andika "h6 au h7, sina hakika." Hapo ndipo nilikosea kweli. Nilitaka kuonekana najua, nikaandika h7 kwa sababu huko ndiko askari huyo huanzia. Ningekiri shaka yangu, binamu angepima zote mbili kwa dakika moja, na mimi nisingejitukana siku zote hizo.

Mamangu nimempangia ubao mezani, nikamwonyesha mfalme akitoroka kwa h7. Ameangalia, akatikisa kichwa. "Sawa, hukuacha kitu. Lakini chapo pia hukuleta."